Tofauti na jibu la mwalimu si lazima iwe kosa

"Mwanafunzi akitafsiri tofauti na jibu la mfano, si amekosea tu?"

Hapana. Muulize msomaji wa tafsiri atafanya nini baada ya kuisoma.

Chukua kifungu cha Kiingereza kuhusu zahanati ya Temeke inayofunguliwa 8:00 asubuhi, ambapo wagonjwa wanatakiwa kuja na kadi. Mwanafunzi mmoja anaandika "saa nane asubuhi". Sentensi inasomeka vizuri, lakini ni saa mbili. Mama mwenye mtoto mgonjwa atabaki akijiuliza aende lini. Hilo ni kosa la maana, kata alama 2. Mwingine anaandika "waje na kadi" badala ya "wanatakiwa kuja na kadi". Agizo ni lilelile, usikate kitu, hata kama wewe usingeandika hivyo. Lakini "wanaweza kuja na kadi" imegeuza sharti kuwa hiari, na hapo unakata.

Kwa hiyo tunga kifungu ukijua mtego uko wapi, saa hapa, sharti pale, na uandike kwenye mwongozo wa kusahihisha tafsiri mbili tatu zinazokubalika kwa kila mtego. Kisha wasahihishaji wawili wasahihishe karatasi zilezile 5 bila kuonana. Wakipishana kwenye sentensi moja, mara nyingi mwongozo ndio haujaeleweka.