Matundu ya Hewa, Adhana ya Alfajiri na Usingizi Mwepesi

Kazi yangu ni sauti ndani ya majengo. Wapangaji wa Kampala wenye usingizi mwepesi huniuliza zaidi kuhusu alfajiri: adhana, jogoo, kisha bodaboda na teksi zinazoanza kuita abiria. Wengi wao tayari wametundika pazia zito au kubandika trei za mayai ukutani. Pazia halizuii kitu cha maana, na trei hupunguza kidogo mwangwi wa chumbani tu, sauti ya nje inaingia vilevile. Mlango wa sauti hiyo uko juu ya dirisha, kwenye matundu ya hewa yasiyofungwa usiku wala mchana.

Chukua muzigo wa kawaida, chumba kimoja chenye ukuta wa mbele wa mita 3 kwa mita 2.8. Ukuta wa matofali uliopigwa lipu huzuia kama desibeli 45, kipimo cha ukubwa wa sauti, na kwa ukuta mtupu hivyo adhana ingebaki mnong'ono. Lakini juu ya dirisha kuna matundu manne, kila moja sentimita 20 kwa 20. Ukiyajumlisha, ni chini kidogo ya asilimia 2 ya ukuta mzima. Kwa asilimia hiyo ndogo, ukuta unashuka kutoka desibeli 45 hadi kama 17. Adhana ikifika dirishani kwa desibeli 70, kitandani inakuwa 53, wakati chumba chenyewe saa hiyo kina kama 30 tu.

Tofauti hiyo ya desibeli 23 ndiyo inayokuamsha. Ubongo uliolala hausumbuliwi sana na ukubwa wa sauti peke yake, bali na jinsi inavyopanda ghafla juu ya kimya kilichotangulia. Na alfajiri ndiyo saa mbaya kwa hilo: usingizi mzito umeshaisha mwanzoni mwa usiku, mwili unaanza kupata joto, na hamu ya kulala imepungua. Kishindo ambacho saa saba usiku kingepita bila wewe kujua, saa kumi na moja kinakufumbua macho.

Watu huziba matundu mawili kati ya manne wakitarajia nusu ya kelele. Haiwi hivyo. Ukipunguza uwazi kwa nusu, unapata desibeli 3 tu, na sikio haliioni sana tofauti hiyo. Ukiyaziba yote, kelele inapungua kweli, lakini chumba kinakuwa na joto na unyevu. Kama kuna sigiri ndani, au hata makaa yaliyobaki na uwekundu, gesi yake inaua bila harufu. Usizibe.

Njia inayofaa ni kuacha hewa ipite na kuilazimisha sauti ikate kona. Mwambie seremala atengeneze kisanduku cha plaiwudi ya milimita 12, upana mita 1.2, kimo sentimita 60, kina cha ndani sentimita 20. Hakina mgongo kwa sababu mgongo wake ni ukuta wenyewe, na chini kiko wazi. Kinafungwa upande wa ndani wa chumba kufunika matundu yote, hivyo hewa inaingia kwenye tundu, inashuka, inatokea chini. Ndani ya ubao wa mbele na wa juu bandika sponji la godoro lenye unene wa sentimita 5. Inabaki njia ya sentimita 15, yaani eneo kubwa kidogo kuliko matundu yenyewe, kwa hiyo hewa haipungui sana. Mdomo wa chini funga wavu wa mbu.

Sponji lipime kwa kulipuliza: pumzi ikipenya, linameza sauti, isipopenya, ni lile la kufungashia vyombo na halifai. Lifunike kwa kitambaa chepesi, na lisiwe karibu na mshumaa au sigiri, kwa kuwa linashika moto upesi na moshi wake ni sumu. Kosa la pili liko ukingoni. Lipu haijanyooka, na ufa mwembamba kati ya ubao na ukuta unarudisha nusu ya kazi nyuma. Jaza silikoni pande zote tatu, kisha zima taa mchana na utazame: mwanga ukipenya ukingoni, sauti inapenya pia.

Kisanduku kama hiki hupunguza desibeli 8 hadi 10 za adhana na jogoo, kwa sababu sauti zote mbili ni nyembamba, zile ambazo sponji la sentimita 5 linaweza kumeza. Spika za tarumbeta za misikiti hazitoi besi nyingi. Lori linalopanda mlima ni jambo jingine: mngurumo wake una mawimbi marefu ya mita kadhaa, na sponji halilioni kabisa. Kwa lori, hamisha kitanda kwenye ukuta wa mbali na barabara, na usitegemee zaidi ya hapo. Baada ya kisanduku, mwanya wa chini ya mlango ndio unaofuata, nao unatosha kuzibwa kwa nguo iliyokunjwa.

Sasa adhana imeshuka hadi kama desibeli 44. Inabaki kuinua kimya. Feni au sauti ya mvua kwenye simu, kwa desibeli 40 hivi, inapunguza ule mruko kutoka 23 hadi 4. Iweke kati ya kitanda na dirisha, wala si sikioni. Feni ina udhaifu mmoja Uganda: umeme ukikatika, kimya cha ghafla nacho kinaamsha. Simu ni salama zaidi, ila tumia faili iliyohifadhiwa humo, ndefu, isiyo na pengo inapojirudia.

Kuhusu jogoo, usiulaumu mwanga peke yake wala taa ya jirani. Jogoo ana saa yake ya ndani na huwika kabla mwanga haujatokea, kwa hiyo kumfunika banda kwa turubai hakumnyamazishi. Kinachosaidia, jirani akikubali, ni kumlaza kwenye kisanduku chenye hewa kinachomruhusu kusimama lakini si kunyoosha shingo juu, maana bila kuinyoosha hawezi kuwika kwa nguvu. Afunguliwe mapema asubuhi.

Hapa kwetu kuna faida moja ambayo nchi za mbali na ikweta hazina. Jua la Kampala huchomoza kati ya saa kumi na mbili na nusu na karibu saa moja mwaka mzima, na adhana ya alfajiri hutangulia kwa zaidi ya saa moja kidogo. Muda wake hauhami zaidi ya nusu saa hivi kutoka Novemba hadi Februari. Kama huwezi kujenga kisanduku, panga kulala kwa kurudi nyuma kutoka saa hiyo: anayelala saa tatu na nusu amepata karibu saa nane kabla ya adhana. Sogeza muda wa kulala kwa dakika 15, ukae hapo siku tatu au nne, kisha usogeze tena. Ukiruka saa nzima kwa mara moja utalala macho tu.

Mtu akianza kuamka dakika chache kabla ya adhana yenyewe, mwili umeshaizoea saa, na kisanduku hakitabadilisha hilo mara moja. Asitazame simu kujua saa ngapi. Mwanga wake na hesabu ya muda uliobaki ndivyo vinavyomwamsha kabisa. Wiki mbili hadi tatu za chumba tulivu kwa kawaida hulegeza mazoea hayo.