Jina la ladha si jina la chapa

Mtu akisema duka limeleta "chapa mpya ya nanasi", na kilicholetwa ni Fanta ya nanasi, amechanganya ngazi mbili. Fanta ndiyo chapa. Nanasi, pasheni na chungwa ni majina ya ladha, yaani maneno yanayotenganisha bidhaa za chapa moja ili mnunuzi aokote anayoitaka bila kusoma lebo nzima. Maana inaishia hapo.

Kosa linaloudhi zaidi ni jingine, nalo ni kuhesabu "isiyo na sukari" kuwa ladha. Ladha na sukari ni mambo mawili yanayokutana ndani ya kopo moja: ipo Coca-Cola ya cheri yenye sukari, na ipo ya cheri isiyo na sukari. Ukiyatia yote kwenye orodha moja na kuigawia kila bidhaa rangi yake, ikifika ile ya cheri isiyo na sukari hujui uipe rangi ya cheri au rangi ya kukosa sukari. Dawa yake ni kila jambo kupewa alama yake, na alama hiyo isihame. Marekani, mwaka 2022, makopo ya Coca-Cola zenye ladha yalipangwa hivyo: rangi ya kopo ikabeba ladha, na rangi ya maandishi ya chapa ikabeba sukari, meupe kwa yenye sukari na meusi kwa isiyo nayo.

Kampuni hiyohiyo ilikuwa imeshaonja uchungu wa alama kuhama. Mwishoni mwa 2011 ilitoa kopo jeupe la Coca-Cola ya kawaida, kwa kampeni ya kuwasaidia dubu wa ncha ya kaskazini. Jina halikubadilika hata herufi moja, lakini wanunuzi waliozoea kopo la rangi ya fedha la Diet Coke, ile isiyo na sukari, waliyachanganya, na mwezi Desemba kopo jekundu likaanza kurudi. Anayerudia kununua hutafuta rangi kwanza, jina hulisoma ili kuhakikisha tu. Kwa hiyo jina na rangi huchaguliwa pamoja, mezani pamoja.

Chukua kiwanda kidogo cha yogati chenye ladha tano: asili, vanila, stroberi, embe na pasheni. Anza na jozi zinazogongana. Embe na pasheni zote ni za manjano ukifuata rangi ya ndani ya tunda, basi pasheni ipewe zambarau ya ganda lake na embe ibaki na manjano. Asili na vanila zote zinavutwa na weupe. Moja ipewe buluu. Neno "Asili" nalo lina mtego: huyu ataelewa haina tunda, yule haina sukari, mwingine haina kemikali. "Isiyo na ladha" ni mbaya zaidi, maana inasikika kama yogati iliyopoteza utamu. Baki na "Asili", na chini yake uandike waziwazi "bila tunda, bila sukari".

Majina ya madoido, tuseme "Jua la Pwani" badala ya embe, yana wakati wake. Utafiti wa Elizabeth Miller na Barbara Kahn wa mwaka 2005 ulionyesha kwamba majina yasiyo ya kawaida ya ladha na rangi yanaweza kupendwa zaidi, kwa kuwa mtu husita akitafuta maana yake. Kusita huko ndiko asikokutaka anayefuata kikombe chake cha kila siku. Tena katika duka la mtaani mnunuzi haokoti mwenyewe, anaagiza akiwa nje ya nondo. Hatasema "nipe Jua la Pwani". Atasema "nipe ile ya njano", na ikiwa kuna nanasi pia, atapewa yoyote. Yaache madoido kwa ladha ya msimu.

Kabla ya kuchapa, panga vikombe kwenye friji vikiwa vimechanganywa. Kama ni friji la kulala, mfuniko ndio utakaoonekana, kwa hiyo jina na rangi viwe juu yake. Msimamishe mtu hatua mbili nyuma, mwambie atoe pasheni, kisha andika mkono wake ulienda wapi kwanza. Makosa yakirundikana kwenye jozi moja, badilisha jozi hiyo tu. Halafu piga picha isiyo na rangi kwa simu: mifuniko inayofanana hapo inategemea rangi peke yake, na asiyetofautisha nyekundu na kijani huenda akakwama. Iongezee picha kubwa ya tunda.

Na siku kiwanda kitakapotoa embe isiyo na sukari, msiiandike kwenye orodha ya bei kuwa ladha ya sita. Ladha bado ni tano. Hiyo ni embe ileile, ibaki na manjano yake, na alama ya sukari ikae mahali pake kwenye mfuniko.