Umefukuzwa kazi serikalini? Usikimbilie CMA, siku zako 45 zinahesabika

Hii ishu inatuumiza sana sisi tunaokaa kwenye madawati ya msaada wa kisheria hapa Dar. Mtu anakuja na bahasha imejaa makaratasi, kafukuzwa kazi kwenye taasisi ya umma, kahangaika CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, miezi mpaka miezi, halafu anaambiwa Tume haina mamlaka ya kusikiliza shauri lake, na akigeuka kwenda kule alikotakiwa kwenda tangu mwanzo anakuta muda umeshapita. Kesi yake inaweza kuwa nzuri kabisa, ila kaipeleka mlango usio wake.

Tuchukue mfano wa watu wawili wanaokaa mtaa mmoja pale Tandika, wote watunza stoo. Mmoja yuko kiwanda cha mtu binafsi barabara ya Nyerere, mwingine yuko taasisi ya umma maeneo ya Kurasini. Wote wameajiriwa kwa kudumu, wote wameshamaliza majaribio na kuthibitishwa, na wote wanatuhumiwa kitu kilekile, kwamba stoo imehesabiwa ikakutwa imepungua katoni 40 na wao ndio wenye funguo. Tuseme wote wamepokea barua ya kufukuzwa tarehe 3 Machi. Kuanzia hapo njia zao hazifanani hata kidogo.

Yule wa kiwandani analindwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 na kanuni zake za 2007. Akiona kaonewa ana siku 30 kupeleka mgogoro CMA, anajaza fomu namba CMA F.1, mwajiri anapewa nakala, wanaitwa kwenye usuluhishi kwanza na wakishindwana linaenda kwenye uamuzi. Kwa barua ya tarehe 3 Machi, siku 30 zinaishia tarehe 2 Aprili. Asiyeridhika na tuzo, yaani uamuzi wa CMA, anaenda Mahakama Kuu Divisheni ya Kazi kuomba marejeo.

Sasa jirani yake wa Kurasini anamuona mwenzake anaenda CMA na yeye anapanda daladala hiyohiyo. Hapo ndipo anapopotea.

Mtumishi wa umma anaongozwa na Sheria ya Utumishi wa Umma, Sura ya 298. Mwaka 2016 sheria hii iliongezewa kifungu cha 32A, kinachosema mtumishi wa umma lazima kwanza amalize njia zote za nafuu zilizomo ndani ya sheria hiyo kabla ya kutafuta nafuu kwenye sheria za kazi. Watu wengi walibishana, hasa wa mashirika ya umma, wakisema sisi siyo wizarani bwana, sisi tuna bodi yetu na kanuni zetu za utumishi, tunajiendesha. Mahakama ya Rufani ikalimaliza hilo mwaka 2022 ikiwa Mtwara, kwenye shauri lililohusu Shirika la Posta, Rufaa ya Madai Na. 12 ya 2022. Ikasema migogoro ya watumishi wa umma iko chini ya Tume ya Utumishi wa Umma peke yake, na uamuzi wa Tume hiyo unakatiwa rufaa kwa Rais. CMA haikuwa na mamlaka. Kwa hiyo hata kama wote mnakaa kimya, mwajiri hajaweka pingamizi na CMA imekupa ushindi, hoja ya mamlaka inaweza kuibuka baadaye kabisa mahakamani na tuzo yako yote ikafutwa. Mimi naona hili ndilo baya zaidi, mtu anashinda, anakopa kwa kutegemea ushindi, kisha anarudishwa sifuri.

Angalia majina yasikuchanganye. Zote mbili zinaitwa Tume mtaani, lakini ya CMA ni ya usuluhishi wa migogoro ya kazi na ile nyingine ni ya Utumishi wa Umma. Walimu wa serikali nao wana tume yao kwa mambo ya nidhamu, Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015, kwa hiyo mwalimu asifuate njia ya mtunza stoo bila kuuliza kwanza.

Turudi Kurasini. Jamaa ana siku 45 kukata rufaa Tume ya Utumishi wa Umma. Tangu tarehe 3 Machi zinaishia tarehe 17 Aprili, na hapo zinahesabiwa siku zote, Jumamosi zimo, Jumapili zimo, Pasaka ikiangukia humo nayo imo. Ushauri wangu ni kwamba kama barua imeandikwa tarehe 24 Februari wewe ukaipokea tarehe 3 Machi, sainia kwenye daftari la kupokelea barua ukiandika tarehe uliyopokea kwa mkono wako, ila kwenye kupanga mambo yako jihesabie tangu ile tarehe iliyoandikwa juu ya barua, usiende kubishana na siku saba ambazo ungeweza kuzikwepa. Ukichelewa kwa sababu ya msingi, mfano ulikuwa umelazwa, unaweza kuomba usikilizwe nje ya muda, lakini utatakiwa kuieleza hiyo sababu na kuithibitisha kwa cheti, na "nilikuwa CMA kwa kutojua sheria" ni sababu dhaifu ya kuitegemea.

Rufaa ni maandishi. Hapa ndipo tofauti nyingine kubwa ilipo, kwa sababu CMA unaenda unaongea, unaleta mashahidi, mwajiri ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha kwamba alikuwa na sababu halali na alifuata utaratibu. Kwenye rufaa ya utumishi wa umma kinachosomwa zaidi ni faili, kwa hiyo maelezo yako na viambatisho ndiyo mdomo wako. Nakala unampa mwajiri wako, yaani mamlaka ya nidhamu, ambaye naye anatakiwa apeleke majibu na vielelezo vyake.

Mambo yanayobeba rufaa mara nyingi ni ya utaratibu. Kosa kubwa linalompeleka mtu kufukuzwa linatakiwa lipitie mwenendo rasmi, maana yake upewe hati ya mashtaka inayosema wazi umefanya nini na lini, upewe muda wa kujitetea kwa maandishi (soma siku zilizoandikwa kwenye hati, mara nyingi ni 14), halafu kama umekana iundwe kamati ya uchunguzi iliyo huru, usikilizwe, uruhusiwe kuwauliza maswali mashahidi, kamati iandike taarifa na mamlaka ya nidhamu ndiyo iamue. Mlinganishe na yule wa kiwandani, yeye kanuni zinataka apewe angalau saa 48 za kujiandaa kabla ya kikao na aruhusiwe kuwa na mwenzake wa kazini au mtu wa chama cha wafanyakazi. Utaratibu wake ni mfupi zaidi lakini na wenyewe una masharti.

Sasa tazama karatasi za mtunza stoo wetu. Hati ya mashtaka inasema "uzembe katika kutekeleza majukumu", basi, haitaji katoni, haitaji tarehe ya kuhesabu stoo. Kamati ya uchunguzi ilikuwa na watu watatu na mmoja wao ni yuleyule mkaguzi wa ndani aliyehesabu stoo na kuandika taarifa ya upungufu. Na barua ya kufukuzwa inasema kafukuzwa kwa wizi, kosa ambalo hakushtakiwa nalo. Hayo matatu ndiyo rufaa yenyewe. Kila moja liandikie aya yake, taja kiambatisho kinacholionesha, acha kurasa sita za kulalamika jinsi bosi alivyokuwa anakuchukia, maana bila karatasi ya kulionesha hilo halikusaidii.

Ila ajue na hili mapema. Rufaa ikikubaliwa kwa sababu utaratibu ulikiukwa, Tume inaweza kumrudisha kazini, lakini pia inaweza kuagiza shauri lianze upya, safari hii kwa hati iliyonyooka na kamati isiyo na yule mkaguzi. Watu wanasherehekea barua ya kurudi halafu wiki ya pili wanapewa hati mpya ya mashtaka wanadhani wanaonewa, kumbe ndiyo uamuzi ulivyosema. Soma aya ya mwisho ya uamuzi kwa makini.

Kuhusu hela wakati shauri linaendelea, wa kiwandani akisimamishwa kupisha uchunguzi analipwa mshahara kamili. Mtumishi wa umma akisimamishwa anaweza kuwekwa kwenye nusu mshahara, na akisafishwa ile nusu iliyozuiwa anairudishiwa, kwa hiyo tunza hati zako zote za mshahara za kipindi hicho. Baada ya kufukuzwa hakuna mshahara hata kama rufaa iko mezani, na hapo familia nyingi zinayumba, kwa hiyo mwenye mkopo benki aende akaongee nao mapema.

Tume ikimkatalia, hatua inayofuata ni kwa Rais, na muda wa siku 45 auheshimu tena. Yule aliyeteuliwa na Rais mwenyewe njia yake ni tofauti na hii, haianzii kwa mtendaji mkuu wa taasisi.

Na Rais akikataa? Hapa kuna mkanganyiko, kwa sababu kile kifungu cha 32A kinasema mtumishi amalize njia hizi "kabla" ya kwenda kwenye sheria za kazi, wengi wakaelewa kwamba akishamaliza anaweza sasa kuingia CMA. Kwa jinsi Mahakama ya Rufani ilivyosema 2022, usitegemee hilo. Kinachobaki ni kuomba Mahakama Kuu ifanye mapitio, ambapo jaji haulizi tena kama katoni 40 zilipotea au la, anaangalia kama waliokuamulia walikuwa na mamlaka, walikusikiliza na walifuata sheria. Kwanza unaomba kibali cha kufungua maombi hayo, na kibali kinaombwa ndani ya miezi sita tangu uamuzi utolewe. Utahitaji barua ya kufukuzwa, uamuzi wa Tume na uamuzi wa Rais vyote vitatu, kwa hiyo kama uamuzi wa Rais umeusikia kwa simu tu kutoka kwa afisa utumishi, andika barua siku hiyohiyo uombe nakala, na ubaki na nakala ya barua yako iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.