Kubadilisha sura kwenye picha ya mashindano: kinachotakiwa kutajwa ni nini hasa

Kila mashindano ya klabu yakikaribia, fomu za kitengo cha picha zilizohaririwa hurudi na jibu lilelile kwenye kisanduku cha tamko: "Nimehariri kidogo." Jibu hilo halisaidii. Kitengo chenyewe ni cha picha zilizohaririwa, kwa hiyo uhariri upo, tunaujua. Kinachoulizwa pale ni kama kuna sura iliyobadilishwa, maana kanuni inataka kila sura ya namna hiyo itajwe.

Sura iliyobadilishwa ni uso, au sehemu yoyote ya uso, uliotolewa kwenye fremu nyingine na kuwekwa juu ya mwili ulio kwenye fremu hii. Kulainisha ngozi, kufuta chunusi, kuongeza mwanga machoni, yote hayo hayahusiki. Hata kulipunguza shavu kwa kulisukuma ndani ni uhariri mzito, lakini uso ni uleule ulionaswa kamera ilipobofywa, na kanuni hii haiugusi.

Ugumu huanza hapa: wengi wanaamini sura imebadilishwa pale tu unapochukua uso wa Asha ukauweka kwa Zuhura. Wakichukua uso wa Asha wakaurudishia Asha mwenyewe, wanaona hakuna cha kutaja. Nimelisikia mara nyingi: "Lakini dada, ni bibi yuleyule, sijamleta mtu mwingine." Ni kweli hujamleta mtu mwingine. Umeleta wakati mwingine, na picha ni mtu pamoja na wakati.

Tuchukue familia ya watu 12 iliyopigwa Forodhani jioni, kamera ikiwa kwenye tripodi, fremu tano mfululizo. Fremu ya tatu ndiyo nzuri kuliko zote: watoto wametulia, baba anacheka. Ila bibi aliyekaa katikati amefumba macho. Kwenye fremu ya tano bibi ameyafungua, lakini watoto wameshaanza kukimbia. Mpiga picha anazifungua fremu zote mbili kwenye Photoshop kama leya mbili, ya tano ikiwa juu, anazipanga zilingane, anaficha leya ya juu yote, kisha anafunua kwa brashi laini sehemu ya macho ya bibi peke yake. Ni kazi ya dakika chache, na ikifanywa vizuri hakuna atakayeiona.

Mimi sina neno na kazi hiyo, na kanuni haiikatazi. Lakini tazama kilichotokea: kwenye fremu ya tano bibi alikuwa anamwangalia mjukuu aliyechomoka mbio. Sasa, kwenye picha iliyounganishwa, anaonekana akimtazama baba anayecheka. Mtazamo ule haukuwahi kuwepo. Jaji anayesifu jinsi bibi anavyomtazama mwanawe anasifu kitu kilichotengenezwa mezani, na ana haki ya kujua hivyo kabla ya kutoa alama.

Hoja ya "kila kipande ni cha kweli" ni ya zamani, na mfano wake mmoja umehifadhiwa Maktaba ya Bunge la Marekani. Ni picha ya Jenerali Ulysses Grant akiwa juu ya farasi mbele ya kambi ya jeshi, inayoitwa "General Grant at City Point". Kwa miaka mingi watu waliichukulia kuwa picha ya 1864, wakati wa vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani. Wachunguzi wa maktaba walipoipekua walikuta imeunganishwa na L. C. Handy yapata 1902 kutokana na picha tatu. Kichwa ni cha Grant kweli, kimetoka kwenye picha aliyopigwa Cold Harbor akiwa amesimama karibu na mti. Mwili na farasi ni vya jenerali mwingine, Alexander McCook. Ile kambi nyuma ni wafungwa wa upande wa Kusini waliotekwa Fisher's Hill. Hakuna kipande cha kubuni hata kimoja. Uongo uko kwenye mshono, pamoja na maelezo yanayosema hii ni picha moja ya mahali pamoja.

Mishono ya namna hiyo jaji huitafuta kwanza kwenye mwanga. Kivuli cha pua na kile cha chini ya kidevu lazima vielekee kulikoelekea vivuli vya wenzake, na kidoa cha mwanga kwenye mboni lazima kikae upande uleule kwa wote waliosimama pamoja. Halafu masikio. Uso uliopigwa kwa karibu sana huwa na pua kubwa na masikio yaliyorudi nyuma, na ukipigwa kutoka mbali masikio hujitokeza. Unaweza kuupunguza uso mpaka ulingane na mwili kwa ukubwa, lakini umbali uliopigiwa huwezi kuubadili kwa kuupunguza. Mwisho ni chenga: fremu iliyopigwa gizani ina chenga nyingi kuliko ya mchana, na uso laini uliokaa juu ya shati lenye chenga hujionyesha ukiivuta picha karibu. Lakini kwa familia yetu ya Forodhani vipimo vyote hivi havitasema kitu, kwa sababu mwanga, umbali na kamera ni vilevile. Ndiyo maana tunategemea tamko, na ndiyo maana tunaomba faili ghafi za fremu zote zilizotumika, siyo ile fremu kuu peke yake.

Kuna na simu zinazofanya kazi hii zenyewe. Pixel 8, iliyotoka 2023, ilikuja na kitu kinachoitwa Best Take: simu inakusanya picha za kundi lilelile zilizopigwa kwa kufuatana, inakuonyesha nyuso za kila mtu, nawe unachagua unaoutaka. Hakuna leya wala brashi, kwa hiyo mtu hahisi kwamba amehariri. Hata hivyo uso umetoka fremu nyingine, na fomu inataka utajwe.

Tamko lenyewe ni fupi. Kwa picha ya bibi lingesomeka hivi: "Sura 1 kati ya 12 imebadilishwa. Ni ya mama mzee aliyekaa katikati. Macho yametoka fremu ya 5 ya mfululizo uleule. Mtu ni yuleyule." Kama uso ni wa mtu mwingine, unaandika hivyo, na unaambatanisha idhini ya wote wawili, mwenye uso na mwenye mwili. Kipengele hiki cha idhini nilikipigania kwenye kamati. Mwenye mwili naye ana la kusema kuhusu kichwa atakachowekewa.

Naelewa kwa nini wengine wanaficha. Neno tamko linawatisha, wanaliona kama kukiri kosa, wanadhani jaji akisoma "sura 1 imebadilishwa" atakata alama. Haikatwi hata moja. Kitengo hiki kinapima ufundi wa kuunganisha, na jaji asiyejua mshono uko wapi hawezi kuupima. Picha inayoondolewa ni ile ambayo faili ghafi zinaonyesha uso mmoja na fomu inasema kingine, au haisemi kitu.

Basi safari hii, ukifika kwenye kisanduku kile, uliache neno "nimehariri". Andika ni sura ngapi, za nani, na zimetoka fremu ipi. Kama hakuna hata moja, andika "hakuna sura iliyobadilishwa", maana kisanduku kitupu tunalazimika kukurudishia.