Sindano haiondoi vidonge: hesabu ya LDL baada ya statini

Mgonjwa mmoja wa miaka 58 alirudi kliniki na LDL, ile kolesteroli mbaya ya kwenye damu, ya 1.8. Miezi mitatu nyuma nilikuwa nimemwanzishia sindano ya evolokumabu, juu ya vidonge viwili: statini iitwayo atorvastatini miligramu 80, na ezetimibe miligramu 10. Kwa mtu aliyewahi kupata shambulio la moyo, tunataka LDL iwe chini ya 1.4 (milimoli kwa lita). Ningeweza kusema dawa imegoma. Badala yake nilichukua karatasi nikaanza kupiga hesabu.

Kabla ya dawa yoyote LDL yake ilikuwa 5.6. Atorvastatini ya kiwango hicho hupunguza karibu nusu, kwa hiyo ilishuka hadi 2.8. Wengi hudhani ukitaka zaidi unaongeza statini tu, lakini kila unapozidisha dozi mara mbili unapata asilimia 6 hivi na si zaidi. Sababu iko kwenye ini lenyewe. Statini hulizuia kutengeneza kolesteroli, nalo likihisi upungufu huongeza vipokezi vya kunasa LDL kutoka kwenye damu. Hapo ndipo faida inapotoka. Ila amri ileile inayoongeza vipokezi huongeza pia protini iitwayo PCSK9, ambayo kazi yake ni kuvipeleka vipokezi hivyo vikaharibiwe. Ini linajenga kwa mkono huu na kubomoa kwa ule.

Ezetimibe haigombani na ini. Inafanya kazi kwenye utumbo mwembamba, ikiuziba mlango ambao kolesteroli ya chakula, na hasa ile ya nyongo, hupitia kurudi mwilini. Ni kidonge kimoja kwa siku, saa yoyote, na hushusha takriban moja ya tano ya kilichobaki. Kwa mgonjwa wangu, 2.8 ikawa 2.2. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2015, wenye wagonjwa zaidi ya 18,000 waliokuwa wametoka kuugua moyo ghafla, ulionyesha kwamba kati ya waliopewa ezetimibe pamoja na statini, waliopatwa na tukio la moyo au kiharusi walipungua kwa watu 2 hivi katika kila 100 kwa miaka 7, wakilinganishwa na waliopewa statini peke yake. Faida ni ndogo, lakini ni ya kweli, na kwa kuwa kidonge chenyewe hakina usumbufu mimi huanza nacho kabla ya kufikiria sindano.

Evolokumabu na alirokumabu ni kingamwili. Zinaikamata PCSK9 ikiwa ndani ya damu kabla haijashika kipokezi, na mgonjwa hujidunga mwenyewe chini ya ngozi, kwa kawaida kila wiki mbili. Inklisirani huanzia nyuma zaidi: inaingia kwenye ini na kufuta maagizo ya kutengeneza PCSK9, ndiyo maana baada ya sindano ya kwanza na ile ya mwezi wa tatu hutosha kudungwa kila baada ya miezi sita. Kingamwili hushusha LDL kwa karibu asilimia 60, inklisirani karibu nusu. Zote zinahitaji vipokezi vya kuokolewa. Wale wachache waliozaliwa bila vipokezi kabisa hawapati kitu.

Sasa turudi kwenye 1.8. Dawa zote tatu zikitumika, 2.2 ikipungua kwa asilimia 60 inabaki karibu 0.9. Kama sindano ilikuwa haiingii, labda kalamu ya sindano inaondolewa kwenye ngozi kabla haijamaliza kusukuma dawa, ningeona 2.2. Na kama statini imeachwa? 5.6 toa moja ya tano ni 4.5, toa asilimia 60, unapata 1.8. Hesabu za mwilini hazitoki sawasawa namna hii kila siku, nakiri, lakini zilinipa swali la kuuliza.

"Mzee wangu, ile atorvastatini bado unaimeza?"

Akatazama chini. "Daktari, nilijua sindano ndiyo imechukua nafasi yake. Ile nyeupe ndogo ndiyo ninaimeza bado."

Kosa lilikuwa langu. Nilimfundisha kushika kalamu, nikamwonyesha pa kudunga tumboni na pajani, nikamwambia aitoe kwenye friji nusu saa kabla, lakini sikumwambia kwamba sindano inalinda vipokezi ambavyo statini ndiyo inayoviongeza. Siku hizi sentensi hiyo naisema kabla ya kugusa kalamu.

Alirejea kwenye atorvastatini. Kipimo cha wiki ya sita kikatoka 1.0, naye akauliza kama si chini mno. Katika utafiti wa evolokumabu wa mwaka 2017 wastani ulifika karibu 0.8 bila madhara mapya kujitokeza, mbali na uwekundu au maumivu kidogo pale sindano ilipoingia. Sikupunguza chochote.