Printa haifanyi kazi: uulize swali moja moja au yote kwa mpigo?

Sisi tunaokaa dawati la msaada wa kompyuta tunaijua sana hii meseji: "Habari, printa haifanyi kazi, naomba msaada." Basi, imeishia hapo. Printa gani hujui, imewaka au haijawaka hujui, wengine wanaprinti au ni yeye tu, kuna maandishi gani kwenye skrini, mara ya mwisho ilifanya kazi lini, hujui lolote. Sasa hapo unajibu nini?

Kitu cha kwanza cha kuangalia ni jibu lake litachukua muda gani kukufikia. Kama yuko kwenye simu anajibu ndani ya sekunde, kwa hiyo uliza moja moja tena usiwe na haraka, ukimpa matatu kwa sauti atajibu la mwisho na yale mengine yamepotea. Imeili ni habari nyingine kabisa. Tuseme kila jibu linachukua nusu siku kurudi, ukiwa na maswali matano na ukayatuma moja moja umeshakula siku mbili na nusu na printa bado imelala pale pale.

Lakini kasi peke yake haitoshi, na hapa ndipo wengi wetu tunapokosea. Kuna maswali yanayojitegemea na kuna yanayosubiri jibu la mwenzake. Jina la printa na maandishi yanayotokea kwenye skrini yanajitegemea, utayahitaji vyovyote iwavyo, hayo tuma pamoja bila wasiwasi. Ila chukua hili: "Mtu mwingine anaweza kuprinti kwenye printa hiyo hiyo sasa hivi?" Akisema ndiyo, maswali ya karatasi, wino na umeme yamekufa yote, maana mashine ni nzima, shida iko kwenye kompyuta yake au njia inayomfikisha kwenye printa. Akisema hapana, hakuna haja ya kumsumbua na draiva kwanza, nenda kwenye mashine yenyewe au mtandao. Swali moja limekata kazi nusu, kwa hiyo hilo ndilo linatangulia na mengine yanasubiri. (Kama printa anaitumia peke yake swali hilo halina maana, muulize taa zake zinaonyesha nini.)

Sasa kwenye imeili huwezi kusubiri hivyo, basi unaandika matawi yote mawili humo humo kwa kutumia "kama". Mimi ningemjibu huyu ndugu hivi:

"Pole sana. Naomba unijibu haya matatu kwa namba:
1. Printa ni ipi? Jina liko kwenye kibandiko cha mbele.
2. Skrini ya kompyuta inaandika nini ukijaribu kuprinti? Picha ya simu inatosha.
3. Mwenzako anaweza kuprinti kwenye hiyo hiyo? Kama hawezi, angalia kama printa ina karatasi na niambie taa ya rangi gani inawaka. Kama anaweza, zima kompyuta yako uwashe tena, jaribu, halafu niambie imekuwaje."

Ona nimeishia matatu. Mtu akikuta orodha ya maswali manane kwenye simu yake anajibu mawili ya juu, au anaifunga akisema atarudi baadaye, na harudi. Namba zinasaidia kwa sababu nyingine pia, zinakuonyesha lipi limerukwa. Ukiyaweka kwenye aya moja unarudishiwa "Ndiyo." Ndiyo ipi sasa? Vivyo hivyo usiunganishe mawili kwenye swali moja, "imewaka na ina karatasi?" akijibu hapana hujui ni umeme au karatasi.

Kuna wakati hata kwa maandishi narudi kwenye moja moja, ni pale mtu amechanganyikiwa au kifaa hakijui kabisa. Huyo ukimpa matatu anaona anafanyiwa mtihani. Mpe lile linalokata nusu, akijibu mpe linalofuata.

Na wanaopokea simu za dharura huwa wanaanza na mahali ulipo kabla ya kuuliza mambo mengi, kwa sababu laini ikikatika bado wanaweza kutuma msaada. Ukiwa na swali moja tu la kuuliza, anza na lile ambalo hata usipopata mengine utakuwa na pa kuanzia. Kwangu mimi hilo ni jina la printa, maana nikilijua naweza kuangalia mwenyewe kwenye mtandao kama inaonekana, kazi zimekwama kwenye foleni au la, na mara nyingi maswali mawili yanajifuta kabla hata sijayaandika.