Nani aliagiza kipuri? Kauli ya kutendwa katika ripoti

Aya ifuatayo ni mfano wa ripoti ya kamati ya maji ya kijiji:

“Pampu iliharibika tarehe 12 Machi. Taarifa ilitolewa na fundi akaitwa. Kipuri kiliagizwa na shilingi 480,000 zililipwa, lakini hadi sasa hakijaletwa.”

Kisarufi haina kosa. Lakini mkaguzi akiisoma atauliza: nani alilipa, alimlipa nani, na nani anayedaiwa kipuri? Hata macho yanateleza. Ukifika “taarifa ilitolewa na fundi”, unadhani fundi ndiye aliyetoa taarifa, mpaka ukutane na “akaitwa” ndipo urudi nyuma. Sababu ni kwamba neno “na” ndilo linalomtaja mtenda katika kauli ya kutendwa, na ndilo hilo hilo linalounganisha sentensi.

Kuirekebisha, pigia mstari kila kitenzi chenye w kabla ya irabu ya mwisho. Hapa ni ilitolewa, akaitwa, kiliagizwa, zililipwa na hakijaletwa. Usidanganywe na vitenzi kama elewa na chelewa, ambavyo vina w lakini si vya kutendwa. Pembeni mwa kila kitenzi andika cheo cha aliyefanya. Usipomjua, usibuni, fungua daftari la stakabadhi au muulize katibu. Kisha mpeleke mtenda mwanzoni, rudisha kitenzi kwenye umbo lake la kutenda na ubadilishe kiambishi cha nafsi. Anayetendwa akiwa mtu, weka kiambishi chake ndani ya kitenzi: katibu “alimwita fundi”, si “aliita fundi”. Kwa kitu kinachotajwa mara ya kwanza, “aliagiza kipuri” inatosha.

“Pampu iliharibika tarehe 12 Machi. Siku hiyo hiyo mlinzi wa kisima alimpa katibu taarifa, naye katibu akamwita fundi. Fundi aliagiza kipuri dukani tarehe 14 Machi. Kesho yake mhasibu alimlipa mwenye duka shilingi 480,000, lakini mwenye duka hajakileta.”

Aya imerefuka kidogo, na ni sawa, kwa kuwa urefu ulioongezeka wote ni habari. Ila jihadhari na ujanja wa kuandika “ofisi iliagiza” au “kamati ililipa” kila mahali. Hiyo ni kauli ya kutenda kwa jina tu, maana aliyeshika fedha bado hajulikani.

“Iliharibika” tumeiacha makusudi. Hiyo ni kauli ya kutendeka, nayo inaeleza hali bila kudokeza kwamba kuna mtu nyuma yake. Ukiandika “pampu iliharibiwa”, msomaji ataanza kumtafuta mhalifu. Ndivyo ilivyo pia kwa “mlango ulivunjika” na “mlango ulivunjwa”: wa kwanza huenda uliozea kwenye bawaba, wa pili una mkono wa mtu. Katika taarifa ya wizi au madai ya bima, tofauti hiyo ndogo inaweza kumtia mtu hatiani au kumficha. Chagua kutokana na ulichokiona: kitasa kilichong'olewa ni ushahidi wa kuvunjwa, mlango ulioanguka peke yake sivyo.

Kuna mahali ambapo kutendwa ndiko bora. “Kompyuta mbili ziliibwa usiku” inazidi “mtu asiyejulikana aliiba kompyuta mbili”, kwa sababu mtu huyo hatuongezei chochote. Uchunguzi ukiwa haujakamilika, kumtaja mtenda ni kumhukumu. Na katika ripoti ya mifugo, “ng'ombe 120 walichanjwa” inatosha ikiwa kinachotafutwa ni idadi ya waliokingwa, si jina la mchanjaji.

Sababu nyingine ni mtiririko. Aya nzima ikiwa inahusu pampu, “ilinunuliwa, ikafungwa, ikafanyiwa matengenezo” humwacha msomaji na kitu kimoja akilini. Hata hapo Kiswahili kina njia ya tatu: tanguliza kitu, kisha kirejelee ndani ya kitenzi. “Pampu hii kamati iliinunua mwaka 2016.” Pampu imebaki mbele, na mnunuzi ametajwa.

Ukiamua kubaki na kutendwa, chunguza tena “na”. “Mgonjwa alipelekwa hospitali na dada yake” ina maana mbili: dada alimpeleka, au wote wawili walipelekwa. Kwa maana ya kwanza andika “dada yake alimpeleka”. Kwa ya pili, “alipelekwa pamoja na dada yake”. Na kifaa kipe “kwa”: alipigwa na kijana kwa fimbo.

Kwenye muhtasari wa kikao, “iliazimiwa” haina ubaya, kwa kuwa azimio ni la wajumbe wote. Tatizo huwa katika kitenzi kinachofuata. “Iliazimiwa kwamba uzio wa kisima ujengwe” haimpi mtu kazi, na kikao kijacho kila mjumbe atamtazama mwenzake. Andika: “Iliazimiwa kwamba katibu atafute fundi wa uzio na alete makadirio ya gharama kabla ya tarehe 30 Aprili.”